Notisi ya kupandisha kodi ya nyumba: kuanzia hesabu hadi saini ya mpangaji

Ukipandisha kodi ya chumba kwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, mpangaji anayelipa miezi sita kwa mkupuo anasikia laki moja na ishirini. Hiyo ndiyo hesabu atakayoipiga kabla hajamaliza kusoma barua yako, na ndiyo inayoamua kama atakubali, atakuja kuomba upunguze, au atampigia dalali jioni hiyo hiyo. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanaandika notisi kana kwamba wapangaji wao wanalipa mwezi kwa mwezi. Wanatoa taarifa ya siku thelathini, wanaandika sababu moja, "kupanda kwa gharama za maisha", kisha wanashangaa chumba kikikaa tupu miezi miwili.

Nitaeleza jinsi ya kuipanga notisi hii kwa nyumba ya kawaida ya kupangisha Dar, ile ya uani yenye wapangaji kadhaa wanaolipa miezi sita sita. Mfano utakuwa nyumba moja ya Tabata yenye wapangaji wanne, kila mmoja na chumba na sebule, kila mmoja akilipa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kodi haijaguswa kwa miaka mitatu. Mwaka huu mwenye nyumba amechimba kisima, kafunga pampu na simtanki juu ya mnara, na sasa anataka kodi ipande.

Anza na mkataba, barua baadaye

Toa mikataba yote minne uiweke mezani. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba Tanzania ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna kiwango cha juu cha kodi kilichowekwa na serikali kwa nyumba za watu binafsi. Wapo wenye nyumba wanaolisikia hilo wakadhani wana ruhusa ya kupandisha siku yoyote. Sivyo. Kilichobaki kinawafunga wote wawili ni mkataba, na mkataba wa miezi sita unaosema 150,000 umeshaweka kodi ya miezi hiyo sita. Huwezi kuigusa katikati, labda kama kuna kipengele ndani yake kinachokuruhusu, na mikataba mingi ya kununua dukani haina kipengele hicho.

Unatafuta mambo matatu: mkataba unaisha lini, unasema nini kuhusu kubadili kodi, na unataka taarifa ya muda gani. Ukisema mwezi mmoja, huo ni muda wa chini kabisa. Hakuna anayekukataza kutoa zaidi.

Mara nyingi utakuta mkataba wa mmoja wao uliisha mwaka juzi na hakuna aliyekumbuka kuuhuisha, mpangaji analipa tu na wewe unapokea. Huyo mhesabie kipindi alicholipia mara ya mwisho. Kama risiti inasema Julai hadi Desemba, kodi yake inabadilika Januari, wala si mapema kuliko hapo.

Katika nyumba yetu, mikataba ya wapangaji wa namba 1, 2 na 4 inaisha tarehe 31 Desemba. Wa namba 3 aliingia baadaye, mkataba wake unaisha 31 Machi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaandika barua moja, "kuanzia 1 Januari", wanaibandika mlangoni mwa kila mtu. Mpangaji wa namba 3 akiwa na akili atawaambia ameshalipia hadi Machi, na atakuwa sahihi. Wape wote barua siku moja, kwa sababu watasimuliana wakikutana bombani, lakini ya namba 3 iandike 1 Aprili.

Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Sasa jiulize mpangaji anahitaji muda gani kama jibu lake ni "siwezi". Inabidi atafute chumba kingine, na kwa dalali hiyo ni wiki kadhaa za kuzunguka. Inabidi awe na kodi ya miezi sita ya huko anakohamia, mkononi, pamoja na pesa ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na gari la kuhamisha vyombo. Mtu wa mshahara wa kawaida hapati fedha hiyo ndani ya siku thelathini. Akishindwa kuipata hatahama, atabaki kwako na deni.

Kwa hiyo mimi huwaambia wenye nyumba ninaowasimamia: kwa anayelipa miezi sita, miezi mitatu ndiyo taarifa ya kiungwana, na miwili ndiyo mwisho. Ukichelewa kupita hapo, subiri kipindi kinachofuata.

Kwa mkataba unaoisha 31 Desemba, tarehe zinakuwa hivi. Barua inamfikia mpangaji kabla ya 30 Septemba. Anapewa hadi 31 Oktoba kujibu. Novemba ni ya mazungumzo kwa mwenye hoja, na ya kuandaa mkataba mpya kwa aliyekubali. Kufikia 30 Novemba unajua nani anabaki na nani anaondoka, na bado una mwezi mzima wa kutafuta mpangaji mwingine. Muda huo mrefu unakulinda na wewe pia. Mwenye nyumba anayetoa notisi Desemba mosi anagundua chumba kiko tupu Januari pili.

Halafu kuna Januari yenyewe. Shule zinafunguliwa, kuna sare, madaftari, michango, nauli, na watu wametoka kwenye sikukuu. Kudai 1,020,000 kwa mkupuo wiki hiyo badala ya 900,000 iliyozoeleka ni kujitafutia ugomvi. Una njia mbili. Ya kwanza, acha kodi ya zamani iendelee kwa miezi mitatu, mpya ianze Aprili. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa sababu haikupotezei kitu, ni kodi mpya kuanza Januari lakini nyongeza ya 120,000 ilipwe kabla ya 31 Machi. Mpangaji analipa 900,000 aliyokuwa ameshaiweka akilini, anapumua, kisha anamalizia.

Sababu zinazopita na zisizopita

Mpangaji anaishi ndani ya nyumba yako. Anajua bati lipi linavuja na choo kipi kimeziba. Sababu utakayoandika ataipima kwa macho yake, kwa hiyo andika ile anayoweza kuiona na kuigusa.

Kisima ni sababu nzuri mno, na hesabu yake iweke wazi. Tuseme kuchimba, pampu, simtanki na mnara vimegharimu 7,200,000. Usijaribu kuzirudisha mwaka mmoja. Kisima kitakuhudumia miaka mingi. Zigawe kwa miaka kumi, yaani miezi 120, unapata 60,000 kwa mwezi. Kaya ziko nne, kila moja 15,000. Upande wa pili wa hesabu hiyo unamhusu mpangaji. Alikuwa akinunua maji kwa jirani, shilingi 100 kwa dumu, madumu kumi kwa siku, karibu 30,000 kwa mwezi. Hiyo sasa anaiacha. Hiki ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote katika barua nzima, na ajabu wenye nyumba wengi hawakiandiki.

Gharama ya kunyonya shimo la maji taka nayo inapita, kama wewe ndiye unayelipa. Gari lilikuwa 80,000, sasa 120,000, linakuja mara mbili kwa mwaka. Ongezeko ni 80,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi kumi na miwili na kaya nne unapata kama 1,700. Ni ndogo, lakini risiti unayo na mpangaji anaiona gari ikija.

Jumla tuna 16,700. Mwenye nyumba ameamua kodi iwe 170,000, kwa hiyo 3,300 iliyobaki anaihesabu kwa kupanda kwa bei kwa miaka mitatu ambayo hakugusa kodi. Iandike hivyo hivyo, kwa tarakimu. Kodi inapanda kwa kama asilimia 13, na kila shilingi ina mahali ilipotoka.

Zipo sababu za kuacha. Usiandike "jirani anapangisha kwa laki mbili". Mpangaji ataenda kwa jirani, atakuta kuna vigae, fensi na choo cha ndani, atarudi na orodha yake. Bei za mtaani zitumie wewe mwenyewe kujipima usizidishe, zibaki kwenye daftari lako.

Usiandike ukarabati ambao ulikuwa wajibu wako tangu mwanzo. Kuziba bati linalovuja ni kurudisha nyumba kwenye hali uliyompangisha, na mpangaji aliyekinga maji kwa ndoo masika yote hataki kusikia kwamba sasa alipie.

Na kuwa mwangalifu kabisa na kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na ndiye anayekatwa. Ukiiweka kwenye sababu zako, umemwambia mtu alipe mara mbili kitu kisichokuwa chake. Badala yake, angalia mita inayokatwa ni ya nani, kisha mwandikie kwamba utamrudishia 1,500 hiyo kila mwezi kwa kuipunguza kwenye kodi ya nyumba. Kwa miezi sita ni 9,000 tu, lakini barua inayodai nyongeza huku inarudisha kitu inasomwa kwa utulivu mwingine. Vivyo hivyo kwa asilimia 10 ya TRA inayotozwa kwenye pango: hiyo ni kodi ya kipato chako, usiipeleke kwenye barua kama mzigo wa mpangaji.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Kodi ya sasa, kodi mpya, tofauti kwa mwezi, jumla ya miezi sita na tarehe vikae juu, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyovitafuta kwanza. Usianze na aya mbili za shukrani halafu pigo likaja chini. Ya mpangaji wa namba 2 inaweza kuwa hivi:

> Tabata, Dar es Salaam
> 28 Septemba 2026
>
> Kwa mpangaji, chumba na sebule Na. 2
>
> YAH: MABADILIKO YA KODI YA PANGO KUANZIA 1 JANUARI 2027
>
> Habari za kazi. Mkataba wetu unaisha tarehe 31 Desemba 2026. Ukipenda kuendelea, kodi kuanzia tarehe 1 Januari 2027 itakuwa shilingi 170,000 kwa mwezi badala ya 150,000. Nyongeza ni 20,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita jumla ni 1,020,000 badala ya 900,000. Hadi mkataba wa sasa utakapoisha, kodi yako haibadiliki.
>
> Nyongeza imetokana na mambo haya:
> Kisima, pampu na simtanki, gharama 7,200,000, zikigawanywa kwa miaka kumi na kaya nne: 15,000 kwa mwezi. Maji haya hutayalipia kwa dumu. Umeme wa pampu tutaendelea kuchangia kama tulivyokubaliana.
> Kunyonya shimo, bei imepanda kutoka 80,000 hadi 120,000 kwa safari: kama 1,700 kwa mwezi.
> Kupanda kwa bei kwa miaka mitatu ambayo kodi haikubadilika: 3,300 kwa mwezi.
> Risiti za kisima na za gari la maji taka ninazo, karibu uzione.
>
> Kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi, inayokatwa kwenye LUKU yako ni deni langu. Kwa miezi sita ijayo nitapunguza 9,000 kwenye kodi utakayolipa.
>
> Najua Januari ni mwezi wa ada. Unaweza kulipa 891,000 kabla ya tarehe 5 Januari, na nyongeza ya 120,000 kabla ya tarehe 31 Machi 2027.
>
> Naomba unijibu kabla ya tarehe 31 Oktoba 2026 kama utaendelea, hutaendelea, au una jambo la kuzungumza. Kodi mpya haitaguswa tena kabla ya tarehe 31 Desemba 2027.
>
> Mwenye nyumba: jina, saini, simu
> Nimepokea nakala ya barua hii: jina la mpangaji, saini, tarehe

Mambo mawili hapo yanahitaji maelezo. Sentensi ya kutoigusa kodi hadi mwisho wa mwaka unaofuata inakufunga, na iko pale kwa makusudi: hofu kubwa ya mpangaji ni kwamba akikubali leo utarudi Julai. Kama huwezi kuitekeleza usiiandike. Na maneno "nimepokea nakala" ni tofauti kabisa na "nimekubali". Watu hukataa kusaini wakidhani wanakubali bei. Mweleze kwa mdomo kwamba saini ni ya kupokea karatasi tu, na bado ana mwezi mzima wa kufikiri.

Toni pia. Usiandike "la sivyo hama". Ana haki ya kuondoka mkataba ukiisha, hahitaji kukumbushwa kwa ukali, na neno hilo moja huwa ndilo linalosomwa kwa sauti mbele ya wapangaji wengine.

Kuifikisha

Peleka mwenyewe, jioni au Jumamosi, umkabidhi mkononi yeye aliyesaini mkataba. Usimpe mtoto wake, usipitishe chini ya mlango, na usimtume dalali, maana dalali anafaidika mpangaji akihama. Chapa nakala mbili. Moja inabaki kwake, moja yenye saini yake unarudi nayo.

Kama hapatikani au hataki kusaini, piga picha barua umtumie kwa Whatsapp kwenye namba anayotumia siku zote, kisha nenda na mjumbe wa serikali ya mtaa mkamkabidhi, na mjumbe aandike kwenye nakala yako tarehe na kwamba alishuhudia. Inatosha. Kama mwenye nyumba yuko nje ya nchi na nyumba inasimamiwa na ndugu, barua ionyeshe kwamba huyo ndugu ameruhusiwa kuitoa, vinginevyo mpangaji ana haki ya kuuliza anaongea na nani.

Majibu yatakayorudi

Anayekubali, mwandalie mkataba mpya Novemba, wenye tarehe na kodi mpya. Usiridhike na "sawa mzee" ya kwenye simu.

Anayesema ni nyingi, muulize nyingi kwa namna gani. Mara nyingi utakuta kodi ya mwezi anaiweza, mkupuo ndio unaomshinda. Huyo mgawie: miezi mitatu mitatu, 510,000 kila mara. Kwako fedha ni ile ile kwa mwaka. Mpangaji aliyekaa miaka mitatu bila kusumbua ana thamani yake kwa tarakimu: chumba kikikaa tupu miezi miwili unapoteza 340,000, na nyongeza yote ya mwaka mzima kutoka chumba hicho ni 240,000. Kwa hiyo ukimpunguzia elfu tano kwa mwezi ili abaki, umepoteza 60,000 tu. Lakini ukimpunguzia mmoja kwa siri, wenzake watajua. Bora kigezo kiwe cha wazi, kwa mfano anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo anabaki 165,000.

Wapo wanaonyamaza. Ukimya hadi 31 Oktoba usiuchukue kama ndiyo. Mtumie ujumbe mfupi wa kukumbusha wenye tarehe, na mwingine katikati ya Novemba.

Mgumu kuliko wote ni yule anayenyamaza, kisha Januari pili anatuma 900,000 kwenye simu yako bila neno. Ukipokea ukakaa kimya, miezi miwili baadaye atasema ulikubali kodi ya zamani, na mwenye kusikiliza kesi anaweza kumwelewa. Siku hiyo hiyo mwandikie: "Nimepokea 900,000 ikiwa ni sehemu ya kodi ya Januari hadi Juni 2027, jumla ni 1,020,000 ukitoa 9,000 ya kodi ya jengo, salio 111,000, mwisho 31 Machi." Kisha mwite mkae.

Mkishindwana kabisa, usifunge geti, usikate umeme, usiezue bati, usitoe vyombo nje. Hata ukiwa na haki ya kodi mpya, hayo yanakugeuza wewe kuwa mkosaji. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mnaweza pia kwenda Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Uamuzi unatolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko utaulizwa karatasi: mkataba, nakala ya notisi yenye saini au ushuhuda, risiti, na jumbe zenye tarehe.

Anayesema anaondoka, mshukuru na mkubaliane mambo ya kuondoka mapema: tarehe ya kukabidhi funguo, nani anamaliza mchango wa umeme wa pampu wa mwezi wa mwisho, amana kama ulichukua inarudi lini, na vitu gani vya chumba vitakaguliwa. Ukitaka kuleta watu waone chumba kabla hajatoka, mwombe siku na saa. Hadi 31 Desemba chumba ni chake, kakilipia.